Kioo Kikubwa, Herufi zenye Ukungu

Leo tuzungumze habari za runinga, ila si habari za vipindi vyake. Ukitembea Kasulu mjini ukaingia kwenye stesheneri, zile za kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti na kuwajazia watoto wetu fomu za mkopo wa chuo, huenda ukakuta kompyuta ya mtumba imewekwa chini ya meza, na kioo chake ni runinga kubwa iliyotundikwa ukutani. Mwenye duka ana hesabu zake. Kasha la kompyuta huuzwa peke yake, monita nayo ina bei yake, na runinga tayari ipo kwa ajili ya mpira wa jioni. Kwa nini anunue vioo viwili?

Hesabu hiyo ni sahihi. Tatizo linakuja pale mteja anapotaka kusoma jina lake kwenye fomu kabla halijachapwa. Picha ya mezani inapendeza, video inang'aa, lakini herufi zina ukungu. Ukisogea karibu ndiyo mbaya zaidi: kingo za herufi zimetapakaa, "rn" inasomeka kama "m", na baada ya saa mbili macho yanawasha. Hapo lawama huanza. Mmoja anasema waya ni feki, mwingine anasema kompyuta imezeeka, wa tatu anamshauri mwenye duka akapime macho. Mara nyingi wote watatu wamekosea. Runinga yenyewe ndiyo inayovuruga herufi, na inafanya hivyo kwa nia njema kabisa.

Runinga hudhani kwamba kila kinachoingia kwenye tundu lake ni kipindi: sinema, taarifa ya habari, Simba na Yanga. Kwa hiyo huichukua picha ikaikuza kidogo, ikaitia makali ya bandia, ikapunguza uchafu, ikaichezea rangi. Uso wa mtu unavumilia hayo yote. Herufi haivumilii, maana mguu wa herufi "l" kwenye kompyuta unaweza kuwa na upana wa nukta moja tu ya kioo. Ukiihamisha nukta hiyo kwa nusu ya upana wake, haiwezi kukaa kwenye nukta nusu. Itagawanywa kwa majirani wawili, na mstari mweusi mmoja utakuwa mistari miwili ya kijivu. Huo ndio ukungu unaouona.

Nukta hizo mafundi huziita pikseli. Runinga iliyoandikwa Full HD ina nukta 1,920 kwa mlalo na 1,080 kwa wima, zimejengwa kiwandani na hazihamishiki. Mtu wa kompyuta anachokitafuta ni hiki: nukta moja iliyochorwa na kompyuta itue juu ya nukta moja ya kioo, isiguse ya jirani. Ikitua hivyo, herufi zitakuwa kali hata kwenye runinga ya bei nafuu. Isipotua hivyo, hata runinga ya bei kubwa itakuwa na ukungu.

Niwapeleke kwenye duka moja pale Kasulu. Runinga ni ya inchi 43, Full HD, imechomekwa kwa waya wa HDMI. Kijana wa dukani alikuwa ameshazoea kwamba ule upau wa chini wa Windows, wenye saa na kitufe cha kuanzia, umekatwa. Kinaonekana kipande chembamba tu. Yeye aliona ni usumbufu mdogo, maana kitufe bado kinabonyezeka. Lakini upau uliokatwa ndiyo dalili ya kwanza ya kutafuta, na hauhitaji kipimo chochote. Ukiona kingo za picha zimemezwa, jua runinga inaikuza picha kabla ya kuionyesha.

Tabia hii ina historia. Zile runinga za zamani zenye mgongo mkubwa zilikuwa na kioo cha mviringo kwenye kingo, na ukubwa wa picha ulipanda na kushuka kadiri umeme na joto vilivyobadilika. Ili mtazamaji asione ukingo mweusi ukichezacheza, watengenezaji waliichora picha kubwa kuliko kioo, kingo zikapotelea nyuma ya fremu. Vituo vya matangazo navyo vikazoea kutoweka jambo la maana pembezoni. Vioo bapa vilipokuja havikuwa na shida hiyo hata kidogo, lakini desturi ikabaki ndani ya programu zake. Tunalipia kasoro ya chombo ambacho tumekwisha kukitupa.

Sasa tupige hesabu ya duka lile. Tuseme runinga inakata asilimia 2.5 kila upande, kiasi ambacho ni cha kawaida. Kwa mlalo zinapotea nukta 48 kushoto na 48 kulia. Kwa wima 27 juu na 27 chini. Upau wa Windows 10, kama hujaukuza, una urefu wa nukta 40. Toa 27, zinabaki 13. Ndiyo maana kijana alikuwa anaona kipande chembamba. Lakini hasara kubwa haiko kwenye upau. Nukta 1,824 zilizosalia kwa mlalo zinavutwa ili zijaze nafasi 1,920, kwa hiyo runinga inalazimika kubuni nukta 96 ambazo kompyuta haikuzituma. Katika kila nukta 20 za kioo, moja ni ya kubuni, na zile za jirani zimechanganywa ili kuificha. Kwa hiyo ukungu hauko sawa kila mahali: neno hili kali, linalofuata limefifia, kisha kali tena. Ukiona ukungu unaokuja na kuondoka ndani ya mstari mmoja wa maandishi, hiyo ni dalili ya pili ya ugonjwa uleule.

Hapo kuna dawa mbaya ambayo mafundi wengi huitoa, na kijana wetu alikuwa ameshapewa. Fundi hufungua programu ya kadi ya picha ndani ya kompyuta, akakuta kitelezi cha kupunguza ukubwa wa picha, akakivuta mpaka upau wote ukaonekana. Mteja anafurahi, fundi analipwa. Lakini ukiangalia kilichotendeka, kompyuta sasa inaibana picha yake ya nukta 1,920 iingie kwenye 1,824 hivi, halafu runinga inaivuta tena ifike 1,920. Picha imebanwa kisha ikavutwa, na kila hatua imechanganya nukta upya. Upau umerudi, ukungu umeongezeka. Kama fundi alishakupitishia kitelezi hicho, kirudishe kilipokuwa kabla hujagusa kitu kingine chochote. Shida iko kwenye runinga, itibiwe kwenye runinga.

Na dawa yake ipo, imefichwa mahali ambapo mtu hawezi kuitafuta: kwenye jina la tundu. Chukua kalamu, maana menyu hizi zimeandikwa Kiingereza na nitakutajia zinavyosomeka. Kwenye runinga nyingi za Samsung, bonyeza kitufe cha Source kwenye rimoti, nenda juu ya HDMI unayotumia, kisha tafuta Edit au Edit Name. Itakupa orodha ya majina: DVD, Blu-ray, Game na kadhalika. Chagua PC. Kwenye LG, nenda kwenye orodha ya matundu, tafuta Input Label au Edit Inputs, uchague PC au alama ya kompyuta. Sony wao huliweka jambo hili kwenye aina ya picha: tafuta Graphics, kisha kwenye eneo la kuonyesha uchague Full Pixel kama lipo.

Mtu akisikia hivyo anaweza kudhani ni pambo tu, kama kubandika karatasi yenye jina juu ya soketi ya umeme. Sivyo. Kwenye runinga hizo jina la PC ni amri. Ukiliandika, runinga inaacha kukuza picha, inazima mitambo mingi ya kulainisha mwendo na kusafisha picha, na inaanza kuzipokea rangi jinsi zilivyotumwa. Utajua amri imepokelewa kwa sababu menyu ya picha itabadilika mbele ya macho yako. Baadhi ya mipangilio inafifia na haiguswi tena, na aina za picha zinapungua. Kwenye Samsung nyingi zinabaki mbili tu, Standard na Entertain. Kama menyu haikubadilika, pengine umeandika jina kwa mkono, herufi P na herufi C, badala ya kulichagua kwenye orodha. Zipo runinga ambazo haziitiki kwa jina la kuandikwa kwa mkono.

Jina hilo linakaa kwenye tundu, halikai kwenye kompyuta. Ukiliweka HDMI 1 kisha mtu akahamishia waya HDMI 2 wakati wa kufagia, ukungu utarudi na utadhani runinga imeharibika. Kwa duka linaloonyesha mpira jioni hili ni jambo zuri: king'amuzi kinabaki HDMI 2 na mapambo yake yote ya picha, kompyuta inakaa HDMI 1 bila mapambo, na hakuna anayemsumbua mwenzake. Baadhi ya Samsung za zamani zilikuwa na tundu moja tu lililoandikwa HDMI (DVI) ambalo ndilo lililopangiwa kompyuta. Geuza runinga yako uangalie kabla hujachagua pa kuchomeka.

Runinga nyingi zinazouzwa madukani kwetu hazina orodha ya majina kabisa. Usikate tamaa. Kwenye kitufe cha umbo la picha, kile cha kubadili kati ya 16:9 na 4:3, bonyeza mara nyingi uone kama kuna Just Scan, Dot by Dot, Screen Fit au Full Pixel. Yote hayo yana maana moja: onyesha nukta kama zilivyo. Hii inaondoa ule ukuzaji, ingawa haifanyi kazi zote za jina la PC. Zile za rangi huwa hazifiki.

Baada ya hapo kuna kitu kimoja cha kumalizia, kinaitwa Sharpness. Watu hukipandisha mpaka mwisho wakidhani kinaleta makali. Kinachofanya ni kuchora mstari mweupe kandokando ya kila kitu cheusi ili jicho lidanganyike kwamba kingo ni kali. Kwa mbali, kwenye sinema, udanganyifu unafaa. Kwenye maandishi kila herufi inapata kivuli cheupe. Fungua ukurasa wenye maandishi meusi juu ya kijivu hafifu, kisha shusha Sharpness polepole mpaka vivuli vyeupe vitoweke, na uishie hapo. Usikimbilie sifuri kwa mazoea, kwa sababu kwenye baadhi ya runinga sifuri ni kulainisha na sehemu isiyofanya kitu iko katikati.

Pale Kasulu, baada ya kitelezi kurudishwa, jina kubadilishwa na Sharpness kushushwa, maandishi meusi yalikuwa safi. Likabaki jambo moja lililomshangaza kijana, nalo ndilo tamu kuliko yote. Aliniambia kwamba siku zote madeni ya wateja, aliyokuwa anayaandika kwa rangi nyekundu kwenye Excel juu ya mistari ya bluu, yalikuwa hayasomeki kabisa, kuliko maandishi mengine yoyote. Sasa yanasomeka. Kwa nini nyekundu iliteseka zaidi?

Jibu lake ni la zamani kuliko kompyuta za mezani. Mwaka 1938 mhandisi Mfaransa Georges Valensi aliomba hataza ya wazo la kutuma picha ya runinga katika mafungu mawili: fungu la mwanga na giza, na fungu la rangi. Mifumo ya runinga za rangi iliyofuata ilijengwa juu ya wazo hilo, pamoja na jambo linalojulikana kuhusu jicho la mwanadamu: tunaona tofauti za mwanga kwa undani sana, lakini tofauti za rangi tunaziona kwa ujumla tu. Basi fungu la rangi likatumwa kwa undani mdogo, ili litoshee kwenye njia nyembamba ya matangazo. Zanzibar ilipoanza kurusha matangazo ya runinga ya rangi miaka ya 1970, huku bara ikisubiri hadi miaka ya 1990 hata kuwa na kituo cha runinga, rangi zile zilifika majumbani zikiwa na undani mdogo kuliko mwanga wake, na hakuna aliyelalamika. Hakukuwa na cha kulalamikia. Kanga ikipepea kwenye picha, jicho halihesabu nukta.

Desturi hiyo inaendelea hadi leo kwenye video za dijitali. Katika mpangilio unaotumika zaidi, kila kundi la nukta nne, mbili juu na mbili chini, linapewa mwanga wa kila nukta peke yake, lakini rangi ni moja kwa zote nne. Runinga nyingi, hata zikipokea rangi kamili kutoka kwenye kompyuta, huzipunguza ndani kwa ndani kwa sababu mitambo yao ya kurembesha picha imejengwa kufanya kazi na rangi iliyopunguzwa. Sasa fikiria herufi nyekundu juu ya bluu. Nyekundu na bluu zote ni rangi nzito zenye mwanga mdogo, kwa hiyo tofauti kati yake iko karibu yote kwenye fungu la rangi, na fungu la rangi ndilo lililopunguzwa. Herufi nyeusi juu ya nyeupe inaokolewa na fungu la mwanga, ambalo halijaguswa. Deni la mteja halina mwokozi.

Hicho basi ni kipimo chako cha rangi. Fungua programu yoyote ya kuandika, weka kivuli cha bluu iliyokolea, andika juu yake sentensi kwa nyekundu, ukubwa wa herufi 11 au 12. Kama nyeusi juu ya nyeupe ni safi lakini nyekundu juu ya bluu imetapakaa kama wino kwenye karatasi mbichi, rangi zinapunguzwa mahali fulani. Mara nyingi ni kwa sababu tundu halina jina la PC. Nyakati nyingine ni kompyuta yenyewe inayotuma rangi pungufu, hasa kwenye runinga za 4K. Laptopu nyingi za miaka iliyopita zina HDMI ya kizazi cha 1.4, ambayo inaweza kutuma 4K yenye rangi kamili mara 30 tu kwa sekunde. Ukitaka mara 60 kwa njia hiyo, kitu lazima kikatwe, na kinachokatwa ni rangi. Kwa anayechapa barua siku nzima, afadhali mara 30 na rangi kamili; kipanya kitaonekana kizito kidogo, lakini maandishi yatasomeka.

Hata maandishi meusi hayaponi moja kwa moja. Windows hutumia mbinu iitwayo ClearType, ambayo Microsoft waliitangaza mwaka 1998. Kila nukta ya kioo ni vipande vitatu, nyekundu, kijani na bluu, na mbinu hii huviwasha kimoja kimoja ili kuzipa herufi kingo nzuri zaidi. Ukiangalia kwa kioo cha kukuzia utaona herufi nyeusi ina kingo za rangi hafifu. Runinga inayopunguza rangi inazitapanya kingo hizo, na herufi nyeusi inapata wekundu upande mmoja na ubluu upande mwingine. Na kama kioo chako kina vipande vilivyopangwa kinyume, bluu ikianza, ClearType itaharibu badala ya kutengeneza. Andika neno ClearType kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, itakuletea kurasa chache za kuchagua sampuli inayosomeka vizuri. Chagua kwa macho yako, ukiwa umekaa pale unapokaa siku zote.

Sasa tuvuke twende Kibondo, kwa mwalimu mmoja anayeandaa mitihani nyumbani kwake kwa runinga ya inchi 32. Yeye alikuwa amefanya yote niliyoyasema. Just Scan amewasha, kingo haziliwi, Sharpness ameshusha. Ukungu uko palepale, na ni sawa kila mahali, hauji na kuondoka. Windows inamwambia kioo chake ni 1920 kwa 1080, na pembeni imeandika Recommended, yaani ndicho kipimo kinachopendekezwa. Ukibonyeza kitufe cha Info kwenye rimoti, runinga nayo inajibu 1080. Mashahidi wawili wamekubaliana, na wote wawili wanaeleza jambo ambalo silo uliloulizia.

Runinga ile si Full HD. Kwenye kasha lake, ambalo kwa bahati mwalimu alikuwa amelihifadhi, kumeandikwa HD Ready. Nembo hiyo ilianzishwa Ulaya mwaka 2005, na ilidai kioo kiwe na angalau mistari 720 na kiwe kinaweza kupokea mawimbi ya 720 na 1080. Zingatia neno kupokea. Kioo cha inchi 32 cha aina hiyo kwa kawaida kina nukta 1,366 kwa 768. Kinapokea picha ya 1,920 kwa 1,080, kinaifupisha, kinaionyesha, na kwenye Info kinataja kilichopokea. Windows nayo haiwezi kuvihesabu vipande vya kioo. Inasoma orodha ambayo runinga imejitangazia yenyewe. Muuzaji akikuambia inakubali Full HD, hajasema uongo.

Ukitaka kujua kilicho kweli, kuna kipimo cha mistari kinachofanyika kwa Paint. Kwanza weka ukuzaji wa Windows, ule wa Scale, uwe asilimia 100. Fungua Paint, kuza mpaka asilimia 800, chukua penseli nyembamba kabisa uchore mstari mweusi wa wima wa nukta moja, uruke nukta moja, uchore mwingine, mpaka upate kama kumi. Ikate sehemu hiyo na uirudierudie pembeni mpaka ipate upana wa kiganja. Rudisha Paint iwe asilimia 100 na usogeze uso karibu na kioo. Nukta zikitua mahali pake, utaiona mistari myeusi na myeupe, yote sawa kwa sawa. Runinga ikiikuza picha kidogo, kama ile ya Kasulu, mistari itakuwa safi, ififie, kisha iwe safi tena kwa mawimbi. Ikiifupisha sana, kama ya Kibondo, hutaiona mistari hata kidogo. Utaona kijivu chenye mabaka.

Na haishangazi. Kuingiza nukta 1,920 kwenye nafasi 1,366 ni kama kuandaa viti 1,366 harusini wakaja wageni 1,920: hakuna namna ya kila mmoja kupata kiti chake, watabanana wawili wawili, hapa na pale. Eneo lote la kioo kile lina nukta kidogo zaidi ya milioni 1, na kompyuta inatuma zaidi ya milioni 2. Nusu ya kazi ya kompyuta inatupwa.

Tiba yake ingekuwa kuiambia kompyuta itume 1366 kwa 768. Hapo ndipo runinga nyingi za aina hii zinapobisha: kwenye HDMI hazikitangazi kabisa kipimo chao cha kweli. Zinatangaza 1280 kwa 720 na 1920 kwa 1080, vipimo vya matangazo. Lakini zile za zamani kidogo zina tundu la buluu la VGA lililoandikwa PC IN, na kwenye tundu hilo hukubali 1360 kwa 768. Nukta 6 zinazokosekana zinaachwa nyeusi pembeni, au picha inavutwa kidogo na kuacha maeneo machache yenye ukungu. Ya mwalimu ilikuwa nalo, na kompyuta yake ya mtumba ilikuwa na VGA. Tulichomeka waya, tukaenda Display settings, tukachagua 1360 kwa 768, tukabonyeza Auto Adjust kwenye menyu ya runinga ili iupange upya wakati wake wa kusoma mawimbi. Herufi zikatulia. Waya wa kizamani umeushinda wa kisasa, si kwa ubora wake bali kwa sababu ulipewa namba sahihi.

Kama runinga yako haina VGA na HDMI yake inagoma, jaribu kuandika kipimo hicho kwa mkono kwenye programu ya kadi ya picha, baadhi zinakubali. Zikikataa, mimi ningebaki na 1920 kwa 1080 kisha niweke Scale asilimia 150. Herufi zitachorwa kubwa kabla ya kufupishwa, ukungu utabaki lakini utakuwa mdogo ukilinganisha na unene wa herufi. Usitumie kifaa cha kubadilisha VGA kuwa HDMI kama una njia nyingine, kwa kuwa vingi huigeuza picha kuwa kipimo chao wenyewe na kukuongezea mkono mwingine wa kuichanganya.

Hata ikipangwa sawasawa, runinga hiyo ina mpaka ambao menyu haiuvuki. Kioo cha inchi 32 kina upana wa karibu sentimita 71. Ukigawa kwa nukta 1,366, kila nukta ina upana wa zaidi kidogo ya nusu milimita. Jicho zima la kawaida linaacha kuitofautisha nukta ya ukubwa huo ukiwa karibu mita 1.8, na huo ndio umbali wa kutazamia mpira. Ukikaa sentimita 60, umbali wa mezani, unaziona nukta zenyewe, na herufi zina ngazi. Inchi 43 za Full HD hazina nafuu, nukta zake nazo ni kama nusu milimita. Inchi 43 za 4K zina nukta za robo milimita, nazo ndizo zinazofaa kweli kwa kazi ya karibu, mradi kompyuta iweze kuzilisha. Kwa mwenye HD Ready, njia ni kuirudisha runinga nyuma, mita moja na zaidi, na kukuza maandishi. Kama kazi yenyewe ni kuchapa mchana kutwa, monita ya mtumba ya inchi 22 itakufaa kuliko runinga ya inchi 32, na runinga iachwe na mpira wake.

Anayetaka kununua runinga kwa kazi hii asiridhike na kuonyeshwa video kutoka kwenye flashi, wala asiweke ile picha ya mistari kwenye flashi akadhani amepima. Picha ya flashi inachorwa na programu ya runinga yenyewe, ambayo inaipangia ukubwa inavyotaka, na haipiti kwenye tundu la HDMI kabisa. Nenda dukani na laptopu na waya wako, mwombe muuzaji akuruhusu kuchomeka, fungua mistari yako ya Paint na sentensi yako nyekundu juu ya bluu, na utafute jina la PC kwenye menyu kabla hujatoa pesa.